Kona ya chini kushoto: madhara yanayopotea ndani ya matriksi ya umuhimu

Fungua ripoti ya uendelevu ya kampuni kubwa, iwe imeorodheshwa Nairobi au Johannesburg, na mara nyingi kurasa za mwanzo zitakuonyesha mraba wenye nukta za rangi. Mstari unaopanda juu umeandikwa "umuhimu kwa wadau". Mstari unaokwenda kulia umeandikwa "umuhimu kwa biashara". Kila nukta ni suala moja: maji, mishahara, hewa ukaa, rushwa, usalama kazini. Zilizokaa kona ya juu kulia ndizo zinazopewa kurasa, malengo na bajeti. Zilizoanguka kona ya chini kushoto hazizungumzwi tena. Huo ndio mchoro unaoitwa matriksi ya umuhimu. Kwa jinsi kampuni nyingi zinavyouchora, unaficha madhara yale yale ambayo ripoti ilikusudiwa kuyaweka wazi. Unayaficha hata pale ambapo kila aliyehusika ni mkweli, kwa sababu kasoro imo ndani ya hesabu yenyewe.

Nichukue shamba la waridi kando ya Ziwa Naivasha. Shamba hili ni la mfano, na namba za dodoso nitakazotumia nimezitunga ili hesabu ionekane. Mazingira yake, lakini, ni ya kila siku katika kilimo cha maua. Waridi hukuzwa ndani ya vivungulio, na humo joto na unyevu huwafaa pia wadudu na ukungu, kwa hiyo dawa hupigwa mara kwa mara. Kila dawa ina muda wake wa kungoja kabla mtu asiye na nguo za kinga hajaruhusiwa kuingia tena. Kuna za saa chache, kuna za saa 12, 24 na hata 48, na muda huo umeandikwa kwenye lebo. Majuma ya kuelekea Februari 14, oda zinapofurika, ndipo muda huo unapoanza kuminywa. Wavunaji, ambao wengi wao ni wanawake, wanaingizwa ndani wakati majani bado yana dawa. Wanaumwa kichwa, macho yanaona ukungu, kizunguzungu kinawashika. Dawa ikiwa ya jamii ya oganofosfati, inazuia kolinesterasi, kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu hukihitaji ili ifanye kazi sawasawa, na kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kimeshuka kwa kiasi gani.

Sasa shamba linaandaa ripoti yake ya uendelevu. Linaajiri mshauri, naye anafanya kazi kwa utaratibu uliozoeleka. Anaorodhesha masuala ishirini hivi, anatuma dodoso kwa barua pepe, na kila mdau anaombwa kutoa alama kwa kila suala, kuanzia 1 hadi 5, kulingana na anavyoliona kuwa muhimu. Wastani wa alama hizo ndio urefu wa nukta kwenye mstari wa juu. Mameneja nao wanakutana asubuhi moja na kutoa alama za umuhimu kwa biashara, ndizo zinazoisogeza nukta kulia. Kisha unachorwa mstari wa kukatia, tuseme kwenye alama 3.5, na suala lisilofika hapo halihesabiwi kuwa muhimu.

Majibu yanarudi 120. Maofisa na wasimamizi ni 60, wanunuzi na wawekezaji 30, wauzaji wa pembejeo na huduma 20, wavunaji 10. Hao 10 ni wachache kwa sababu zinazoeleweka: dodoso limekuja kwa Kiingereza, kwenye barua pepe, na anayeshinda kivungulioni na mkasi mkononi hana barua pepe ya kazini. Kwenye suala la kurudi ndani kabla ya muda wa dawa kwisha, wavunaji wote 10 wanatoa 5. Wengine 110 wanatoa 2, kwa kuwa jambo hilo hawalioni wala haliwagusi. Hesabu ni rahisi: 110 mara 2 ni 220, ongeza 50 za wavunaji unapata 270, gawanya kwa 120. Wastani ni 2.25. Kwenye hewa ukaa, wale 110 wanatoa 4 na wavunaji wanatoa 3, na wastani unakuwa 3.92. Hewa ukaa inapanda kona ya heshima. Dawa inayowaingia watu kwenye ngozi inaanguka chini ya mstari, na mameneja wakisema haijawahi kulitia shamba hasara, nukta inasukumwa pia kushoto.

Nikieleza jambo hili kwa wanaoandaa ripoti, jibu la kwanza huwa kwamba tatizo ni sampuli. Waulize wavunaji wengi zaidi, au yape makundi yote uzito sawa. Hebu tufanye hivyo. Tupe kila kundi kura moja: maofisa 2, wanunuzi 2, wauzaji 2, wavunaji 5. Jumla ni 11, ukigawanya kwa 4 unapata 2.75, na suala bado liko chini ya mstari. Ili lifike 3.5 ingebidi wavunaji peke yao wapewe nusu nzima ya uzito wote, na sijaona kampuni inayokubali hilo. Sampuli bora inasaidia kidogo tu, kwa sababu kinachomeza jambo hili ni ule wastani. Madhara mazito yanayowapata watu wachache ndiyo hasa yanayoyeyuka ukichukua wastani wa maoni ya watu wengi wasioguswa.

Inafaa kukumbuka kwamba mchoro huu haukuanza hivi. Shirika la GRI, ambalo viwango vyake vya kuripoti uendelevu ndivyo vilivyoenea zaidi duniani, liliweka mchoro wa aina hii katika mwongozo wake wa G4 mwaka 2013, na ukabaki katika viwango vya 2016. Mstari wa juu ulipima jinsi suala linavyoathiri tathmini na maamuzi ya wadau. Mstari wa kulia ulipima uzito wa athari za kampuni kwa uchumi, mazingira na jamii. Rudia kuisoma sentensi hiyo: kwenye mstari wa kulia hapakuandikwa "umuhimu kwa biashara". Ulikuwa mstari wa madhara na manufaa ambayo kampuni inawaletea wengine. Ni kampuni na washauri wao, ripoti moja baada ya nyingine, walioubadilisha ukawa mstari wa faida na hasara ya kampuni yenyewe. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo kwenye karatasi, lakini yaliondoa sehemu pekee ya mchoro ambapo ilibidi mtu apime nini kinatokea shambani. Kilichobaki ni maoni upande mmoja na maslahi upande wa pili.

GRI wenyewe walirekebisha mambo. Katika toleo la 2021, lililoanza kutumika rasmi Januari 1, 2023, kiwango cha GRI 3 kinaelekeza kwamba suala ni muhimu kwa sababu ya uzito wa athari zake kwa uchumi, mazingira na watu, haki zao za binadamu zikiwemo. Ushawishi wa wadau si kipimo tena. Wadau bado wanatafutwa na kusikilizwa, lakini kwa kazi nyingine: wanasaidia kampuni kujua ni athari zipi zipo na ni nzito kiasi gani. Kinachotakiwa kuchapishwa ni maelezo ya jinsi masuala yalivyoteuliwa, orodha ya masuala hayo, na jinsi kila moja linavyoshughulikiwa. Orodha inatosha. Hata hivyo bado naziona ripoti zinazodai kufuata GRI 2021 huku zikiwa na mraba ule ule wa zamani, umepakwa rangi mpya.

Kipimo kilichochukua nafasi ya kura kimetokana na Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu za mwaka 2011. Uzito wa madhara hutazamwa kwa mambo matatu: ni makubwa kiasi gani kwa anayeyapata, yanawafikia watu wangapi au eneo gani, na ni vigumu kiasi gani kumrudisha aliyeathirika katika hali yake ya awali. Kwa madhara ambayo hayajatokea, huongezwa uwezekano wa kutokea. Turudi Naivasha na tulinganishe masuala mawili kwa kipimo hiki, kwa alama 1 hadi 5. Suala la kuingia mapema baada ya dawa nalipatia 4 kwa ukubwa, 2 kwa upana kwa kuwa ni wafanyakazi wa vivungulio fulani tu, na 4 kwa ugumu wa kurekebisha. Taka za plastiki za kufungashia nazipa 2, 4 na 2. Wastani wa dawa ni 3.3, wa plastiki ni 2.7. Dawa sasa iko juu.

Hapa pana mtego ambao nimeuona ukiwanasa hata watu makini. Lahajedwali nyingi za washauri huzidisha uzito kwa uwezekano. Meneja anasema kuingia mapema hutokea msimu wa oda kubwa tu, kwa hiyo uwezekano ni 2. Taka za plastiki hutoka kila siku, uwezekano ni 5. Dawa inapata 6.7, plastiki inapata 13.3, na tumerudi tulikotoka. Kuna makosa mawili kwenye safu hiyo moja. Kwanza, jambo ambalo tayari linatokea halina haja ya kupimwa uwezekano. Kama lilitokea Februari iliyopita, lilitokea, na linapimwa kwa uzito wake tu. Pili, hata kwa madhara yanayotarajiwa, GRI 3 inasema wazi kwamba yakigusa haki za binadamu, uzito hutangulia uwezekano. Viwango vya Ulaya vya kuripoti uendelevu, ESRS, navyo vinasema kwamba lolote kati ya yale mambo matatu linaweza peke yake kuyafanya madhara yawe mazito. Kwa maneno mengine, hata ule wastani wangu wa 3.3 ulikuwa wa kurahisisha mno. Ugumu wa kurekebisha pekee ungetosha kulitia suala hili kwenye orodha.

Sisemi kwamba kipimo hiki kinajiendesha chenyewe. Alama 4 niliyotoa ni uamuzi wa mtu, na mwingine angeweza kutoa 3. Anayetaka kudanganya anaweza kudanganya hapa pia. Tofauti ni kwamba hapa anatakiwa kutoa hoja juu ya tukio: watu wangapi, dawa gani, saa ngapi, waliugua nini. Mkaguzi anaweza kuifuatilia hoja hiyo hadi kwenye kumbukumbu. Alama ya maoni hana pa kuifuatilia, kwa sababu aliyejibu alijibu anavyoona, basi.

Upande wa pesa nao una haki yake. Wawekezaji wanataka kujua ni nini kitatikisa mapato na gharama za mikopo, na hilo ndilo linaloulizwa na viwango vya IFRS S1 na S2 vilivyotolewa Juni 2023. Kenya, kwa mujibu wa ramani ya utekelezaji ya chama cha wahasibu, ICPAK, taasisi zenye maslahi ya umma zimepangwa kuanza kuvitumia kwa lazima mwaka 2027. Ulaya, ambako waridi nyingi za Naivasha huuzwa, ESRS zinauliza maswali yote mawili: kampuni inawafanyia nini watu na mazingira, na mambo hayo yanaifanyia nini mifuko ya kampuni. Tangu Februari 2025 kumekuwa na juhudi za kupunguza idadi ya kampuni za Ulaya zinazobanwa na kanuni hizo, lakini mantiki ya maswali mawili imebaki.

Na mantiki hiyo ndiyo inayoupinga mraba kwa nguvu zaidi. Chini ya ESRS, suala likiwa zito kwa upande mmoja tu, linaripotiwa. Haliwi na sharti la kuwa zito pande zote mbili. Matriksi, kwa umbo lake, inalivuta jicho kwenye kona ya juu kulia, yaani kwa masuala yaliyopata alama kubwa mara mbili. Hata mstari wa juu ukipima madhara badala ya maoni, suala linaloumiza wafanyakazi lakini halijaligharimu shamba shilingi hukaa juu kushoto, na ukikata kona ya kulia tu, umeliacha nje kinyume na kanuni unayodai kuifuata. Kwa shamba letu hili si jambo la nadharia. Gharama ya dawa kwa sasa inabebwa na mvunaji mwenyewe, kwa siku za ugonjwa zisizolipwa na nauli ya zahanati. Haionekani kwenye vitabu vya kampuni kwa sababu imehamishiwa kwake. Siku mnunuzi wa Uholanzi atakaposimamisha oda au cheti cha ubora kitakapofutwa, ndipo itakapoonekana upande wa pesa, na wakati huo itakuwa imechelewa kwa wote.

Msomaji wa ripoti anaweza kuligundua tatizo hili hata kama hana namba za ndani. Tazama kwanza nukta zimekaaje. Zikijipanga kwenye mshazari mmoja kutoka chini kushoto hadi juu kulia, maana yake mistari miwili inapima kitu kimoja, na mara nyingi ni kwa sababu watu wale wale wa ofisini ndio waliotoa alama za pande zote mbili. Tazama pia mistari inaanzia wapi. Watu wakiulizwa kama jambo fulani zuri ni muhimu, wengi hujibu 4 au 5, kwa hiyo nukta zote hubanana juu. Mchoraji huukata mstari uanzie 3 ili zionekane zimetawanyika, na tofauti ya 4.1 na 4.3 inageuka kuwa daraja la kwanza na la pili.

Lakini pa kutazama zaidi ni majina ya masuala. "Afya na usalama kazini" likiwa nukta moja, limefunika ndani yake ajali za magari, vizima-moto, viti vya ofisini na dawa za vivungulioni. Nukta itakaa juu, kurasa zitaandikwa kuhusu mafunzo ya huduma ya kwanza, na neno dawa halitatajwa. Hapa madhara yamepotea ingawa suala limeshinda. Jina zuri la suala linataja tukio na anayelipata: wavunaji kuingia kivungulioni kabla ya muda wa dawa kwisha. Ni jina refu, na haliingii vizuri kwenye nukta. Hilo lenyewe linatosha kutuambia kwamba nukta si mahali pake.

Wapo watakaosema bodi ya wakurugenzi inahitaji picha moja ya kutazama kwa dakika kumi. Nakubali, na sina ugomvi na mchoro unaobaki ndani kama chombo cha kujadiliana. Ugomvi wangu ni kuufanya mchoro uwe ndiyo uamuzi.

Ningeulizwa shamba hilo lianzie wapi, ningesema liache kwanza kuuliza wavunaji jambo lipi ni muhimu kwao, liwaulize nini kilitokea. Niliwahi kukaa na wavunaji wa shamba moja baada ya zamu, nikamuuliza mama mmoja: "Mama, dawa ikipigwa mnangoja saa ngapi ndipo mrudi ndani?" Akanijibu: "Tunangoja supavaiza atuite." Mwenzake akaongeza kwamba siku za kawaida wanaitwa kesho yake, lakini siku za oda hata chakula cha mchana hakijaisha. Hakuna kipimo cha 1 hadi 5 ambacho kingeweza kubeba majibu hayo. Yamebeba chanzo, msimu na mtu mwenye uamuzi.

Kisha yahakikiwe, na shamba lina vitabu vya kufanya hivyo. Kitabu cha kupiga dawa kinaonyesha tarehe, saa, jina la dawa na namba ya kivungulio. Karatasi za mavuno zinaonyesha kivungulio, saa na idadi ya mashina yaliyokatwa. Viweke pamoja. Kama kivungulio namba 7 kilipigwa saa kumi jioni dawa ya kungoja saa 24, na karatasi ya mavuno inaonyesha mashina yalikatwa humo kesho yake saa nne asubuhi, basi watu waliingia saa sita kabla ya muda. Fanya hivyo kwa majuma yote kuanzia Januari hadi katikati ya Februari, hesabu ni mara ngapi na ni watu wangapi waliokuwa zamu. Upana wa madhara sasa una namba. Linganisha na daftari la zahanati ya shamba kwa siku zile zile, pamoja na vipimo vya damu kama vilifanyika, na ukubwa wake nao unaanza kuonekana.

Matokeo hayo ndiyo ya kuchapishwa kwenye orodha ya masuala muhimu, pamoja na mabadiliko ya orodha hiyo kutoka mwaka uliopita, ambayo GRI 3 inataka yatajwe. Kuna ukurasa mmoja ambao viwango havilazimishi lakini bodi inaweza kuuagiza wakati wowote: orodha ya masuala yaliyoachwa, kila moja na sababu ya kuachwa na jina la aliyekubali liachwe. Mkurugenzi atakayeona "kuingia mapema baada ya dawa, limeachwa, wastani 2.25" atakuwa na swali la kuuliza kabla hajatia saini.